BIBI ALIPIGA PICHA NA KIMINI 1968, MJUKUU STAA KAMVALISHA KANGA YA KUCHORWA: HUO SIO UREMBO, NI KUMFUTA MTU

Wiki nzima mjini habari ni picha mbili. Mtangazaji mmoja wa kike, jina kapuni, katupia Insta picha ya marehemu bibi yake. Kushoto ile ya zamani, nyeusi na nyeupe. Kulia ile "iliyofufuliwa", ina rangi kali, ngozi inang'aa, bibi katulia ndani ya kanga doti mpya kabisa, ushungi kichwani, heleni za dhahabu. Kapsheni yake fupi: malkia wangu, enzi hizo wanawake walijistiri. Mioyo imemwagika, machozi yamemwagika, na wengine fasta wakaanza kutafuta picha za bibi zao wakafanye hivyo hivyo.

Sasa rudi kushoto. Ikuze kidogo.

Bibi hakuwa na kanga. Bibi alikuwa na gauni lililoishia juu ya magoti, kiatu cha kisigino kifupi, na wigi lililopanda juu kama kichuguu. Pembeni yake shoga yake, gauni la kitambaa kile kile, sare kabisa, mkono kiunoni. Wasichana wawili wa mjini, wanaitazama kamera kama wanaidai hela.

Yaani picha ya kushoto inaikana kapsheni ya kulia mchana kweupe, na zaidi ya watu elfu kumi wamepita hapo bila kuliona hilo.

Wengine watasema ni picha tu, bibi wa mtu, mambo ya familia yao. Sawa, ingekuwa ya familia kama ingebaki kwenye albamu. Ila huu mtindo wa kuchukua picha ya zamani, kuipaka rangi na kumbadilisha mtu nguo "za enzi" umeshakuwa biashara, kuna vijana wanatoza kwa picha moja, na karibu kila ukoo mjini una moja kwenye grupu. Kwa hiyo hili liongelewe kama lilivyo.

NYUMA YA PICHA KULIKUWA NA TAREHE

Picha ile ya asili ni ndogo, inaingia kwenye kiganja, ina ukingo mweupe. Nyuma yake kuna muhuri wa studio wa wino wa zambarau umefifia, namba iliyoandikwa kwa penseli, na maneno mawili kwa mwandiko wa bibi mwenyewe: Desemba 1968.

Kwa asiyejua, ile namba ya penseli ndiyo ilikuwa namba ya negativu. Ukitaka kopi nyingine unarudi studio, unataja namba, jamaa anaingia ndani kuitafuta. Muhuri unakuambia mtaa na mji. Kwa hiyo mgongo wa picha peke yake tayari ni cheti: wapi, lini, ya ngapi. Mtangazaji hakuupiga huo mgongo. Alipiga sura tu, kwa simu, usiku, chini ya taa, na ule mng'ao wa taa umebaki kwenye kona kama kidonda.

Na hiyo Desemba 1968 sio tarehe ya hivi hivi. Dar es Salaam mwaka ule, mwezi Oktoba, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza kampeni iliyoitwa Operesheni Vijana. Vilivyopigwa marufuku: vimini, mawigi, suruali za kubana, na krimu za kuchubua ngozi. Mwanzo wa marufuku: tarehe 1 Januari 1969. Kabla hata ya tarehe hiyo kulitokea vurugu Kariakoo, makundi ya vijana wa kiume wakisimamisha mabasi na kuwashusha wasichana waliovaa nguo fupi. Magazeti yakajaa barua za wasomaji, wengine wakishangilia, wengine wakiuliza kwa nini utamaduni wa taifa zima upimwe kwenye mapaja ya wasichana wa mjini.

Hebu weka hayo mawili pamoja. Marufuku inaanza Januari Mosi. Picha imepigwa Desemba. Wasichana wawili, nguo sare fupi, mawigi mawili, wamelipa hela yao studio.

Shoga yake yupo hai. Anaishi Tanga, amevuka miaka sabini na mitano, akili yake timamu kabisa. Mjukuu wake alimwonyesha simu. Baada ya shikamoo na marahaba, bibi huyo alivaa miwani, akaitazama ile ya kulia kwa muda, akasema: "Mimi picha hii sijawahi kupiga. Huyu aliyesimama hapa ni nani?" Alipoonyeshwa ya kushoto akacheka mpaka akakohoa. "Ile hatukwenda kupiga picha tu, tulikwenda kuyaaga yale magauni. Tulijua mwakani hatuyavai tena."

Umeona? Hiyo ndiyo habari yote ya picha. Nguo ndiyo ilikuwa sababu ya kwenda studio. Ukiitoa nguo hakuna picha, kuna wanawake wawili wamesimama.

Na hapa ndipo panapochekesha na kuuma kwa pamoja. Kazi ambayo Vijana wa TANU walitembea nayo mitaani Januari 1969, ya kuwavua wasichana vimini na mawigi na kuwavalisha kwa "heshima", imekuja kumaliziwa na mjukuu wa mmoja wao, zaidi ya nusu karne baadaye, kwa kubonyeza mara tatu. Halafu ona kichekesho chenyewe: programu imemtoa wigi na kimini, ila imemng'arisha ngozi rangi mbili zaidi. Bibi wa watu kavuliwa kimini, kapakwa mkorogo. Kitu kimoja kwenye ile orodha ya marufuku ambacho hakuwa nacho ndicho alichopewa.

KUPAKA RANGI NI KAZI MOJA, KUCHORA UPYA NI NYINGINE

Wengi wanachanganya vitu viwili, na wenye biashara wanafurahi mkichanganya.

Kuna programu za kupaka rangi. DeOldify ilitoka 2018, MyHeritage In Color ikaja Februari 2020 na ndiyo iliyowapa watu wengi ladha hiyo kwa mara ya kwanza. Hizi zinachukua picha yako ilivyo, mwanga na kivuli vinabaki pale pale, zinaongeza rangi juu yake. Zinakisia tu. Zimeonyeshwa picha nyingi za rangi, zikajifunza kwamba majani huwa ya kijani, anga la bluu, ngozi ya kahawia. Kwenye majani zinapatia. Kwenye gauni zinabahatisha.

Kwa nini zibahatishe? Kwa sababu picha nyeusi na nyeupe haikuhifadhi rangi, ilihifadhi wingi wa mwanga tu. Fanya jaribio hili nyumbani. Weka nyanya mbivu pembeni ya pilipili hoho la kijani, piga picha, kisha weka ile filta ya nyeusi na nyeupe ya simu. Mara nyingi vitu hivyo viwili vinatoka kijivu kinachokaribiana sana. Ukimpa mtu picha hiyo bila kumwambia, hana namna ya kujua ipi ilikuwa nyekundu. Gauni la bibi ni hivyo hivyo. Kile kijivu cha katikati kingeweza kuwa chungwa, bluu, kijani, au waridi iliyokolea. Programu ikachagua bluu. Haikuwa na ushahidi wowote wa bluu.

Kwenye picha za zamani zaidi, za babu wa babu, shida ni kubwa kuliko hiyo. Filamu nyingi za zamani zilikuwa hazioni rangi nyekundu kabisa. Nyekundu ilitoka nyeusi, na bluu ya anga ilitoka nyeupe. Kwa hiyo ukikuta bibi wa miaka ya 1920 kavaa kanga inayoonekana nyeusi na nyeupe, usikimbilie kusema ni ya msiba. Huenda ilikuwa nyekundu ya kuwaka, na programu ya leo haitakuambia hilo.

Sasa hiyo ndiyo kazi ya kwanza, kupaka rangi. Ina makosa yake, ila angalau mtu aliyesimama pale anabaki yule yule.

Kazi ya pili ni zile programu za akili mnemba unazoziandikia maneno: mvalishe kanga, mpe ushungi, weka mandhari ya pwani. Hizi nyingi hazipaki rangi juu ya picha. Zinaitazama picha yako, halafu zinachora nyingine inayofanana nayo. Ndio maana sura inatoka "kama" bibi. Pua imenyooka kidogo, taya limechongoka, kovu la utotoni juu ya nyusi limeyeyuka. Kila kitu kimekuwa laini. Aliyemjua anahisi kitu hakiko sawa ila hawezi kukitaja, na asiyemjua anasema amependeza.

Unataka kuhakikisha? Kuna njia nyepesi. Fungua Photopea kwenye simu au kompyuta, ni ya bure. Weka picha ya asili chini, iliyotengenezwa juu yake, kisha punguza `Opacity` ya ile ya juu mpaka 50%. Sogeza mpaka macho yalingane na macho. Kama ni kazi ya kupaka rangi tu, kila kitu kitakaa juu ya mwenzake: pua, midomo, masikio, vidole. Kama imechorwa upya utaona watu wawili. Kwenye ile ya mtangazaji macho yalilingana, ila mdomo ulishuka, sikio la kushoto likahama, na mkono wa shoga yake ukawa na kidole kirefu ambacho mtoto wa mtu hajawahi kuzaliwa nacho.

HIYO KANGA INASEMA NINI?

Tuseme hata mtu amekubali kubadilishiwa nguo. Basi ibadilishwe kwa nguo iliyowahi kuwepo.

Kila mtu wa pwani anajua kanga ina mambo matatu: pindo linalozunguka, mji katikati, na jina, yale maneno chini ya mji. Kanga inauzwa doti, vipande viwili pacha. Na jina ndilo linaloongea. Mwanamke anaweza asifungue mdomo wiki nzima na jirani akapata ujumbe wote kwa kanga iliyoanikwa kwenye kamba. Kanga za zamani jina lake liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye ndipo zikaja herufi za Kirumi tunazosoma leo. Mwenye jicho akiona kanga kwenye picha anaanza na hapo hapo, kwenye maandishi.

Haya, ikuze kanga aliyovalishwa bibi wa mtangazaji. Pale pa jina kuna alama zinazofanana na herufi lakini sio herufi. Kitu kama "MWAANI UKUPNDZ". Juu kipande kina pindo la maua, chini kipande kina pindo la mawimbi, doti gani hiyo? Mji umekatika kwenye nyonga na kuendelea mahali pengine. Ushungi ni kitambaa cha tatu kisichohusiana na chochote.

Yaani bibi kanyang'anywa nguo aliyoichagua mwenyewe akapewa kanga bubu. Na kapsheni inasema "enzi hizo". Enzi zipi? Mashine haijui enzi. Ina kapu moja limeandikwa "Afrika ya zamani", ndani yake kuna shanga, kilemba, kitambaa cha maua na jua la machweo, na kila bibi anachotewa humo humo, awe wa Tanga, Bukoba au Lagos.

Kanga yenyewe haistahili kutumika hivyo. Zanzibar, baada ya utumwa kuondolewa kisheria mwaka 1897, wanawake waliokuwa wakivaa merikani tupu na kaniki, nguo zilizowatambulisha kama watumwa, walizigeukia kanga za rangi kwa makusudi. Ilikuwa njia ya kutembea barabarani na kusema mimi sio mali ya mtu. Kwa hiyo hata hiyo kanga inayochukuliwa leo kama alama ya upole na kutii, ilianza kuvaliwa na wanawake waliokuwa wanakataa kitu. Wale wasichana wa Desemba 1968 na wale wa Zanzibar walifanya jambo linalofanana: waliongea kwa nguo. Kuwavalisha nguo nyingine ni kuwakatiza katikati ya sentensi.

"MBONA STUDIO ZA ZAMANI ZILIKUWA ZINAAZIMA NGUO?"

Hii hoja imeletwa na mashabiki wa mtangazaji na haiwezi kuruka hivi hivi, kwa sababu ni ya kweli. Picha za zamani hazikuwa za kitakatifu. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alikuwa na suti, saa na redio za kuwaazima wateja. Studio za Mombasa na Zanzibar zilikuwa na mapazia yaliyochorwa. Na kupaka rangi kwa mkono, kwa brashi ndogo na wino, kulikuwepo miaka mingi kabla ya kompyuta. Babu anayeonekana na saa ya mkononi huenda alikuwa hana saa. Kwa hiyo kama wao waliigiza, kwa nini mjukuu asiigize?

Jibu ni moja: nani aliyechagua.

Kijana wa Bamako aliyeazima suti aliivaa kwa mwili wake. Alijitazama kwenye kioo, akasema hii hapana, nipe ile. Akasimama namna alivyotaka aonekane. Suti ni ya kuazima lakini tamaa ni yake, na tamaa hiyo ndiyo tunayoiona leo na kuipenda. Picha inasema ukweli kuhusu alichotaka kuwa. Bibi wa mtangazaji naye alishaingia studio, alishachagua nguo, alishalipa. Alishajibu swali la "ungependa uonekane vipi". Jibu lake ni kimini. Mjukuu hakuongeza kitu kwenye jibu hilo, kalifuta na kuandika lake, halafu kaliwekea sahihi ya bibi.

Hilo la kuamua mtu aliyekufa alijisikiaje limeshawahi kwenda mbali sana. Aprili 2021 msanii mmoja wa Ireland alipaka rangi picha za wafungwa wa Tuol Sleng, gereza la Phnom Penh ambako utawala wa Khmer Rouge uliwatesa maelfu ya watu kabla ya kuwaua. Kila mfungwa alipigwa picha alipoingia. Mtandao mmoja mkubwa ukazichapisha zile za rangi. Watu wakazilinganisha na za asili na kugundua kuwa baadhi ya wafungwa walikuwa wamewekewa tabasamu. Mtu yuko mlangoni mwa kifo, kaongezewa tabasamu! Serikali ya Kambodia ikalalamika, picha zikaondolewa. Bibi wa kimini sio mfungwa wa Tuol Sleng, hakuna anayelinganisha maumivu. Ila kitendo ni kile kile: aliye hai anamsahihisha asiyeweza kubisha, kisha anaiita kazi hiyo kumbukumbu.

"BIBI ALIKUWA HAJJAT, HAKUTAKA MAPAJA YAKE YAONEKANE"

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na waliyoileta ni ndugu wa familia yenyewe. Wanasema bibi baadaye alikwenda Makka, akawa mtu wa dini, na kwa miaka thelathini ya mwisho hakutoka nyumbani bila baibui. Kumtupia Insta na kimini mbele ya wanaume wa dunia nzima ni kumvunjia stara akiwa kaburini. Kanga ilikuwa ni kumstiri.

Hapo kuna jambo la kuheshimu. Mtu anabadilika, na bibi wa mwisho ana haki sawa na yule msichana wa Desemba 1968. Ila kumstiri kuna njia ambazo hazihitaji uongo. Ya kwanza: usiiposti. Picha ibaki kwenye familia, ionwe na wanaostahili kuiona. Ya pili: ikate. Kata kuanzia kifuani, bakiza nyuso mbili na yale macho. Picha iliyokatwa imeficha kitu, lakini haijasema kitu kisichokuwepo, na kila anayeitazama anajua kuna sehemu haioni.

Tena ajabu ni kwamba picha ya kushoto ilipostiwa hapo hapo, mapaja na yote. Kama nia ilikuwa stara, ya kushoto ilifuata nini? Ukweli ni kwamba ile "kabla na baada" ndiyo inayoleta kiki, na stara imekuja baadaye baada ya watu kuhoji.

KINACHOBAKI NI KIPI?

Wengi wanasema asili ipo, nani kafa? Ifuatilie safari ya picha hii. Ile ya kulia ilitumwa kwenye grupu la ukoo. Ikasambazwa kwa magrupu mengine bila kapsheni, maana ukisambaza picha WhatsApp maneno huwa yanabaki nyuma kirahisi, na hata taarifa za ndani za faili zinaondoka. Kwenye kisomo cha kumbukumbu ikachapishwa kubwa, ikawekwa sebuleni. Ile ndogo yenye muhuri ikarudishwa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya begi, begi juu ya kabati. Wajukuu wadogo wa ukoo ule wanamjua bibi mmoja tu, yule wa kanga bubu. Miaka ishirini ijayo mtoto mmoja atafungua begi, ataona msichana wa kimini, atauliza huyu ni nani, na hakutakuwa na wa kumjibu.

Kama kuna anayetaka kuona rangi kwa nia safi, kazi yenyewe si ngumu. Skani picha pande zote mbili, mbele na nyuma, kwa 600 dpi. Kipande cha sentimita 6 kwa 9 kitakupa pikseli kama 1,400 kwa 2,100, zinatosha kabisa. Huna skana, piga kwa simu mchana karibu na dirisha, bila flashi, simu iwe sambamba na picha. Kama imegandia kwenye plastiki ya albamu usiing'oe, skani ukurasa mzima. Hifadhi hiyo peke yake kwa jina linaloeleweka, mfano `bibi_1968_asili.tif`, na usiiguse tena.

Kisha fanya kazi kwenye kopi. Ndani ya Photopea ongeza tabaka jipya juu, badilisha aina yake kutoka `Normal` kwenda `Color`, halafu paka kwa brashi. Uzuri wa aina hiyo ni kwamba mwanga na kivuli vya asili vinabaki, kovu linabaki, mikunjo ya gauni inabaki. Unaongeza rangi tu.

Na rangi unaitoa wapi? Kwa watu, kabla hawajaondoka. Yule shoga wa Tanga aliulizwa na mjukuu wake, akajibu bila kufikiri: chungwa, lenye madoa meupe. Akaamka akaenda chumbani, akarudi na foronya ya mto iliyochakaa. Gauni lilipopigwa marufuku mama yake hakulitupa, alilifumua akashona foronya. Upande wa ndani wa mshono, ambako jua halikufika, chungwa bado linawaka. Programu ilisema bluu. Simu moja tu kwenda Tanga ingetosha.

Usichokijua kiache kijivu. Pazia la studio hakuna anayelikumbuka? Libaki kijivu, halina aibu. Kisha chini ya picha, juu ya picha yenyewe na sio kwenye kapsheni, andika: rangi zimeongezwa mwaka huu, gauni ni kwa kitambaa kilichobaki, mengine ni kama yalivyokuwa. Na kama una hamu kweli ya kuona mtu wa ukoo wenu ndani ya kanga doti ya zamani, nenda dukani, nunua doti yenye jina linalosomeka, ivae wewe, upige picha yako.

Mtangazaji bado hajafuta wala kusahihisha. Ana wafuasi wengi na ana kipaji cha kusimulia, na mkononi alikuwa na moja ya picha kali kuliko zote zilizopita Insta mwaka huu: wasichana wawili, Desemba 1968, wakiyaaga magauni yao wiki chache kabla ya marufuku. Angeiposti kama ilivyo, na mgongo wake, na lile neno la shoga yake. Badala yake kachagua bibi asiyekuwepo. Foronya bado iko Tanga, na mwenye nayo anasema mlango uko wazi, aende akaione.